Pro ya Nani?

Kuna herufi tatu ndani ya kamera ya simu ambazo zimeuzwa kwa vijana wa Eastlands kama cheo. Ukiteleza kidole kupita picha ya kawaida, kupita video, unafika palipoandikwa Pro, na hapo vidude vinajitokeza: ISO, S, WB, EV, AF. Ukijua kuvichezesha unaitwa mpiga picha. Usipojua, wewe ni mtu wa kubonyeza tu. Na kama simu yako ina RAW, basi heshima inaongezeka, hata kama hakuna aliyewahi kukuuliza hiyo RAW ulienda kuifanyia nini.

Msimamo wangu ni mfupi. Wengi wetu huku Njiru tunatumia Pro mahali inapotuharibia picha, na tunaiacha mahali ingetuokolea pesa. Wanaoimba sifa zake ni wasee wa picha za usiku, wale wa nganya zenye taa na mitaa iliyolowa mvua. Wangefaidika nayo kweli ni watu ambao hawajawahi kuifungua: mwenye kibanda cha mitumba, fundi wa pazia, mama wa viatu pale steji. Na anayefaidika kuliko wote ni aliyekuuzia simu, kwa sababu neno Pro lilimgharimu kidogo sana kuliandika.

Tuanze na kile Pro inachokupa, na kile inachokunyang'anya bila kukwambia.

Kwa kamera kubwa, mpiga picha ana mambo matatu ya kusawazisha: upana wa tundu la lenzi, muda ambao shata inakaa wazi, na ISO, yaani kiasi cha kukuza ishara ya mwanga. Kwenye simu karibu zote, tundu la lenzi limefungwa kiwandani na haliongezeki wala kupungua. Kwa hivyo kati ya usukani wa vitu vitatu, umepewa viwili. Hicho cha tatu ndicho kinachotengeneza ule ukungu wa nyuma ambao watu wanautafuta, na hakuna kitufe cha Pro kitakachokupa. Simu inauigiza kwa programu, na uigizaji huo uko kwenye upande wa picha za watu, haumo kwenye Pro.

Hilo ni dogo. La pili ndilo kubwa, na ndilo halisemwi dukani.

Ukipiga picha kwa njia ya kawaida, simu ya siku hizi haipigi picha moja. Inapiga fremu kadhaa haraka haraka, inazipanga moja juu ya nyingine, inatupa zilizotikisika, halafu inaziunganisha. Google waliieleza mbinu yao hadharani mwaka 2016, katika makala ya kitaalamu kuhusu HDR+: unapiga mfululizo wa fremu zenye mwanga mdogo makusudi ili anga lisiungue, kisha unaziunganisha ili kivuli kisijae uchafu. Kampuni nyingine zina mbinu za jamaa moja na hiyo. Kwa nini kuunganisha kunasaidia? Kwa sababu zile chembechembe chafu unazoziona kwa picha ya usiku hukaa mahali tofauti katika kila fremu, ilhali ukuta na uso vinabaki palepale. Ukichukua wastani, ukuta unabaki na chembechembe zinafifia. Hesabu yake ni rahisi: ukiunganisha fremu 9, uchafu unashuka hadi thuluthi moja. Fremu 4, unashuka hadi nusu.

Sasa ukiingia Pro kwenye simu nyingi za bei ya kawaida, kazi hiyo yote inazimwa. Umeambiwa wewe ndiye dereva, kwa hivyo simu inapiga fremu moja tu kama ulivyoagiza. Kihisi cha mwanga ndani ya simu ni kidogo, hakifiki ukubwa wa ukucha. Fremu moja kutoka kwa kihisi kama hicho, saa mbili usiku, Kangundo Road, stima imepotea upande mmoja, itatoka na chembechembe kama uji wa wimbi. Msee anaangalia, anasema simu ni mbaya. Simu si mbaya. Ameiambia iache kufanya kazi inayoijua zaidi.

Hii ndiyo sababu yule rafiki yako asiyejali chochote, anayebonyeza tu kwa njia ya usiku, anakushinda kwa picha ya nganya. Yeye ana fremu nyingi zilizounganishwa, wewe una moja na fahari.

RAW inaongeza mzigo juu ya hapo. Watu husema RAW ni picha safi isiyoguswa, na hiyo ni kweli nusu. Faili ya RAW, ambayo kwenye simu huwa na jina linaloishia na .dng, ni vipimo vya mwanga jinsi kihisi kilivyovisoma. Kila pikseli imesoma rangi moja tu, nyekundu au kijani au buluu, kwa sababu juu yake kuna kichujio kidogo cha rangi hiyo. Rangi nyingine mbili zinakisiwa baadaye kutoka kwa majirani. Faida yake ni kwamba vipimo hivyo vina ngazi nyingi kuliko JPEG. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Kihisi cha simu kwa kawaida husoma ngazi 1024. Hapo ndipo pana nafasi ya kuinua kivuli au kurudisha wingu bila rangi kupasuka.

Lakini ngazi nyingi za fremu moja chafu bado ni za fremu moja chafu. Ndiyo maana kampuni kubwa zenyewe zilikimbia hiyo RAW ya kawaida. Google, kuanzia Pixel 3 ya mwaka 2018, walianza kukupa .dng iliyotokana na fremu zilizokwisha kuunganishwa. Apple walileta ProRAW Desemba 2020, kwa iPhone 12 Pro na 12 Pro Max pekee, na ndani yake kazi ya kuunganisha imeshafanywa kabla faili haijakufikia. Elewa maana yake. Mwenye simu ya laki moja na zaidi akibonyeza RAW anapata matunda ya fremu nyingi pamoja na uhuru wa kuhariri. Mwenye simu ya elfu kumi na tano akibonyeza RAW, kama hata ipo, anapata fremu moja na uchafu wake wote. Neno ni lilelile kwenye skrini. Kitu kilicho nyuma yake si kile kile. Sisi tunafundishwa RAW na video za watu wa upande wa kwanza, halafu tunajilaumu kwamba hatuna jicho.

Na nimesema kama hata ipo, kwa sababu simu nyingi za bei ya chini zina Pro bila RAW. Android iliruhusu programu kusoma RAW tangu toleo la 5.0, mwaka 2014, lakini kila mtengenezaji ndiye anayeamua kufungua mlango huo au kuufunga. Unaweza kujua bila kubahatisha. Pakua Open Camera, ambayo ni ya bure, nenda kwenye mipangilio yake, chagua Camera2 API, kisha tafuta neno RAW kwenye mipangilio ya picha. Lisipoonekana, mlango umefungwa, na hakuna kozi ya elfu mbili itakayokufungulia.

Tuseme mlango uko wazi. Fuata faili hiyo inakoenda. Simu ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja, kwa hivyo .dng yake hutoka na megapikseli kama 12.5. Kila pikseli inahifadhiwa kwa baiti mbili, na kama mtengenezaji hajaibana faili, jumla ni kama MB 25 kwa picha moja. JPEG ya picha hiyohiyo ni kama MB 4. Ukipiga picha 40 za harusi ya binamu yako kule Ruai, tayari ni GB moja. Kama simu imebakiwa na nafasi ya GB 20, una picha 800 na mwisho wa hadithi, na hapo bado hujahesabu JPEG zinazohifadhiwa sambamba. Kuzituma kwa mtu ahariri ni bando la wiki.

Na mwisho wa safari ni wapi? Ni kwa status. WhatsApp, ukituma picha kwa njia ya kawaida, inaipunguza hadi pikseli kama 1600 upande mrefu, na inaibana. Instagram inaionyesha kwa upana wa pikseli 1080. Zile ngazi 1024 ulizozipigania zimerudi kuwa 256 kabla shangazi hajaiona. Sisemi mtu asihariri picha. Nasema kama picha inaishia kwenye kioo cha simu ya mwenzako, na hukuwa na shida maalum ya mwanga, umelipia barabara ya lami kwenda chooni.

Basi Pro inamfaa nani? Inamfaa mtu ambaye shida yake ni ya kurudiarudia na simu haiwezi kuikisia. Nitachukua kesi moja nizunguke nayo, kwa sababu nimeiona ikirudiwa katika vibanda zaidi ya kimoja.

Kuna muuzaji wa nguo za mitumba karibu na steji ya Njiru. Anaenda Gikomba alfajiri, anarudi na mzigo, anapiga picha kila nguo, anapandisha kwa status na kwa kundi la wateja. Kastoma anachagua, analipa, nguo inapanda boda hadi Saika, Mihang'o au Kayole. Halafu simu inalia.

"Siz, hii si ile nguo. Nilitaka maruni, umeniletea nyekundu."

"Ni hiyohiyo, dadangu. Ile ya picha."

"Picha yako inadanganya basi."

Kastoma ana haki. Picha ilidanganya. Nguo inarudi, boda ya kurudi inalipwa na muuzaji, na faida ya blauzi moja imeisha barabarani. Muuzaji anaambiwa anunue simu yenye kamera bora. Hapo ndipo nakasirika, kwa sababu tatizo halikuwa ubora wa kamera.

Angalia kinachotokea. Njia ya kawaida ya kamera hukisia kila mara rangi ya taa iliyopo, ili kitu cheupe kionekane cheupe. Hiyo ndiyo WB, usawazisho wa nyeupe. Simu haina karatasi nyeupe ya kulinganisha, kwa hivyo inakisia kutokana na kilichojaa kwenye picha. Ukiijaza na blauzi ya maruni, inaona wekundu mwingi na inafikiri taa ndiyo nyekundu, basi inapunguza wekundu. Nguo inayofuata ni ya buluu nzito: inafikiri taa ni ya buluu, inaongeza njano. Kila nguo inasukumwa mbali na rangi yake. Mwangaza nao unafanya vivyo hivyo. Kamera inalenga wastani wa kijivu, kwa hivyo nguo nyeusi inang'arishwa hadi inakuwa kama iliyochujuka, na nyeupe inatiwa giza hadi inaonekana chafu. Nguo 30, makisio 30 tofauti, chini ya taa ileile moja.

Simu ya laki mbili inakisia vizuri zaidi, lakini bado inakisia. Dawa ni kuizuia isikisie, na hilo Pro inaliweza hata kwenye simu ya elfu kumi na mbili.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza, chagua taa moja. Kibanda kina mwanga wa jua unaoingia mlangoni na balbu ya LED juu, na taa hizo mbili hazina rangi moja. Zima balbu, tundika nguo karibu na mlango lakini nje ya jua kali. Pili, weka karatasi nyeupe ya kawaida mahali nguo itakapokaa, ingia Pro, gusa WB na utelezeshe namba hadi karatasi ionekane nyeupe, isiwe ya njano wala ya buluu. Jua la mchana huwa karibu na 5500K. Kivulini namba hupanda, mara nyingi kati ya 6500K na 7500K. Andika namba hiyo kwenye karatasi yenyewe. Tatu, weka ISO 100 na ufungue shata hadi karatasi iwe nyeupe bila kuungua, labda 1/100 au 1/60. Kama bado ni giza, panda ISO 200. Nne, usiguse kitu tena. Piga nguo zote 30 kwa namba hizo hizo.

Sasa maruni ni maruni, na nyekundu iliyo kando yake ni nyekundu. Hata kama rangi zote zimekosea kidogo, zimekosea pamoja, na kastoma anaweza kuzilinganisha. Picha ni JPEG ya kawaida, MB 4, hakuna RAW, hakuna kuhariri. Uchafu wa fremu moja hauonekani kwa sababu ni mchana na ISO iko chini. Kila kasoro ya Pro niliyoitaja juu haina meno hapa, na faida yake yote inafanya kazi.

Mipaka ipo, na ni vizuri kuijua. Kama kibanda kimeezekwa kipande cha plastiki cha kijani au cha buluu ili kupitisha mwanga, WB ya simu nyingi haitakuokoa. Kipimo cha Kelvin kinakwenda kati ya buluu na njano tu. Ukijani uko upande mwingine kabisa, na simu nyingi hazina kitufe chake kwenye Pro. Utajua kwa sababu karatasi itakataa kuwa nyeupe kwa namba yoyote. Toka nje ya plastiki hiyo. Pili, kioo cha kastoma nacho kina mambo yake: kuna anayewasha ile njia ya usiku yenye umanjano, na kuna kioo kinachokoleza rangi kiwandani. Acha ukingo wa karatasi nyeupe uonekane kwenye picha, ili jicho lake lipate mahali pa kuanzia. Tatu, simu nyingi husahau mipangilio ukitoka kwenye kamera, ukirudi unakuta kila kitu kimerudi AUTO. Ndiyo maana nimesema namba iandikwe.

Kesi ya pili nitaipitia haraka, kwa sababu sheria yake ni moja. Umewahi kupiga picha kinyozini au kwenye studio ya kucha, ukakuta mistari ya giza imepita juu ya picha kama godoro? Stima ya Kenya ni ya 50 Hz, na kwa hivyo balbu nyingi zinazotumia stima hiyo hupunguza na kuongeza mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kihisi cha simu kinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Shata ikiwa 1/500, kuna mistari inayosomwa taa ikiwa juu na mingine taa ikiwa chini. Ingia Pro, weka shata 1/100 au 1/50, na kila mstari unapata mpigo mzima. Mistari inatoweka. Kinyozi anayeuza kazi yake kwa picha anahitaji kujua hilo tu. Kwa nganya, sheria hii haishiki, kwa sababu taa zake zinatoka kwa betri na zinawashwa na kuzimwa kwa kasi ya kifaa chake chenyewe. Hapo unateremsha shata polepole, 1/60, 1/50, 1/30, hadi mistari iishe, na unaomba dereva asimame.

Najua kuna atakayenijibu kwamba nawadharau vijana, kwamba nawaambia wa Njiru waridhike na kuuza nguo huku sanaa ikiachiwa wa Kilimani. Hoja hiyo naiheshimu, na ina upande wa kweli. Kuna kijana wa huku anayepiga picha za kuchapishwa kwa ukubwa wa meza, na kwake RAW ni mali. Mchukue anayepiga picha wachonga mawe kwenye machimbo yetu saa sita mchana: mwamba mweupe umewaka nyuma, vumbi limewaka, na uso mweusi wa mtu uko kivulini. Hapo kuna mwanga mkali na giza zito katika fremu moja, mwanga ni mwingi kwa hivyo ISO 50 au 100 inatosha, na uchafu ni mdogo. RAW katika hali hiyo inakuruhusu kupiga picha yenye giza kidogo ili mwamba usiungue, kisha uinue uso nyumbani kwenye Lightroom au Snapseed, polepole, bila ngozi kugeuka majivu. Picha hiyo inakwenda ukutani. Huyo anafaidika, na asikubali mtu amwambie vingine.

Lakini angalia alivyo maalum. Ana mwanga mwingi, ana muda wa kuhariri, ana mahali pa kuhifadhi, na picha yake ina mwisho mwingine mbali na status. Ukikosa mawili kati ya hayo, RAW inakuwa pambo. Na hata kwa uso ule wa machimboni, dawa ya kwanza haiko Pro. Iko kwenye kamera ya kawaida: gusa uso kwenye kioo, kialama cha jua kitatokea, kivute juu kidogo. Mtu anayesimama kando yako na anataka tu picha ya kumtumia mamake anamaliza hapo, kwa sekunde mbili, na fremu zake zote zikiwa zimeunganishwa.

Ugomvi wangu hasa uko hapa kwa uso. Kwa miaka mingi kamera za kukisia zilikisia vibaya ngozi nyeusi, kwa sababu waliozifundisha walitumia nyuso nyingine. Tecno na wenzake wa kampuni ya Transsion walijipatia soko Afrika kwa sehemu kwa kuliona hilo na kurekebisha kamera zao kwa ngozi yetu. Google walifika mwaka 2021 na Pixel 6 na jina la Real Tone. Pande zote mbili zilichofanya ni kurekebisha ile njia ya kawaida. Hapo ndipo vita vya kweli vilikuwa, na hapo ndipo watu wengi walifaidika bila kusoma chochote. Mtu akikwambia kama picha yako imetoka vibaya jifunze Pro, anakuhamishia kazi ambayo mtengenezaji alipaswa kuifanya kabla hajachukua pesa yako.

Kwa hivyo madai yangu kwa wanaotuuzia ni matatu, na hakuna linalohitaji kihisi kipya. Wekeni kitufe cha kufunga WB kwenye kamera ya kawaida, ili muuzaji wa nguo asilazimike kupoteza kazi ya kuunganisha fremu ili tu apate rangi isiyobadilika. Simu ikumbuke namba za Pro hadi mwenyewe azifute. Na kama mnaandika RAW kwenye boksi, semeni ni fremu moja au ni nyingi zilizounganishwa, kwa sababu hivyo ni vitu viwili vinavyovaa jina moja.

Kwa upande wetu, swali la kumuuliza anayetuuzia kozi ya Pro ni moja pia: picha zangu zinaishia wapi? Kama jibu ni ukutani, kaa usome. Kama ni kwa kastoma wa Saika anayesubiri blauzi ya maruni, mafunzo yako yanatoshea kwenye karatasi moja nyeupe, na namba ya Kelvin imeandikwa pembeni kwa kalamu.